Picha inavyogeuzwa namba na vipande ili modeli ya lugha iifanyie kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa sana na watu wanaopiga picha karatasi zao, madaftari na barua za zamani, kisha wakaitaka modeli ya lugha iwasomee. Mfano unaopita katika majibu mengi ni mmoja: ukurasa wa daftari la wachumaji wa karafuu, Pemba. Juu pana kichwa kilichoandikwa kwa kalamu nene, chini yake safu mbili, jina la mchumaji na pishi alizochuma. Ukurasa ni wa A4, yaani milimita 210 kwa 297, na umepigwa picha kwa simu hadi umejaa fremu. Kichwa kina herufi za kimo cha milimita 15. Tarakimu za pishi zina kimo cha milimita 3.

## Picha kabla ya kukatwa

1. Kwa kompyuta, picha ni kitu gani hasa?

Ni jedwali la namba. Kila nukta ya picha, yaani pikseli, ina namba tatu: ya wekundu, ya ukijani na ya ubuluu, kila moja kati ya 0 na 255. Nukta ya karatasi iliyochakaa kidogo inaweza kuwa 232, 226, 210. Nukta ya wino mweusi inaweza kuwa 30, 28, 35. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba hii ni karatasi na ile ni wino.

Simu nyingi hutoa picha ya pikseli 3,000 kwa 4,000. Hizo ni pikseli milioni 12, na kwa kuwa kila moja ina namba tatu, ukurasa wetu wa daftari ni namba milioni 36.

2. Mbona faili la picha hiyo ni megabaiti chache tu?

Kwa sababu JPEG, aina ya faili ambayo simu huhifadhia picha, imezibana namba hizo. Kabla ya hatua yoyote nyingine programu hulifungua faili na kuzirudisha namba zote, kwa hiyo modeli haioni ukubwa wa faili kamwe. Kilichopotea wakati wa kubana hakirudi, lakini. Picha iliyotumwa na kutumwa tena kwenye makundi ya simu mara nyingi imepunguzwa pikseli na kubanwa upya, na kingo za herufi ndogo huwa zimeshavurugika. Omba faili la asili kutoka kwa aliyepiga.

3. Kwa nini modeli isipewe pikseli moja moja, kama inavyopewa maneno?

Kwa sababu ya gharama. Modeli hizi hufanya kazi kwa kulinganisha kila kitu na kila kitu kilichoingia pamoja nacho. Ukiingiza vitu 196, ulinganisho ni 196 mara 196, yaani 38,416, katika kila tabaka, yaani kila hatua ya hesabu ndani ya modeli. Ukiingiza pikseli milioni 12, namba ya ulinganisho inakuwa na tarakimu kumi na tano. Hakuna mashine ya kuibeba hesabu hiyo kwa picha moja ya daftari. Ndiyo maana picha hupunguzwa kwanza, kisha hukatwa vipande, na kipande kizima huhesabiwa kitu kimoja.

## Kukata vipande

4. Kipande ni nini, na hukatwaje?

Ni mraba mdogo wa pikseli. Njia hii ilienea baada ya watafiti wa Google kuonyesha mwaka 2020 kwamba picha ya pikseli 224 kwa 224 inaweza kukatwa miraba ya 16 kwa 16 na kushughulikiwa na mtambo ule ule uliotengenezewa maneno. Vipande 14 kwa upana na 14 kwa urefu vinafanya 196.

Mkato wenyewe hauna akili yoyote. Hautafuti mwisho wa neno wala ukingo wa mstari, unapita kwa kipimo tu kutoka kushoto kwenda kulia na juu kwenda chini. Tarakimu 8 inaweza kukatwa kati, tumbo la juu likabaki kipande kimoja na la chini kingine. Hilo peke yake halileti madhara makubwa, kwa sababu vipande vitakutana baadaye (swali la 7). Madhara yapo kwengine, katika kupunguza kunakotangulia mkato, na ndiyo habari ya swali la 10.

5. Namba za kipande hugeuzwa vipi?

Tuchukue modeli moja iliyo wazi kwa kila mtu kuichunguza, LLaVA-1.5, iliyotoka mwaka 2023. Yenyewe hutaka picha ya pikseli 336 kwa 336 na hukata miraba ya 14 kwa 14, kwa hiyo inapata vipande 24 kwa 24, yaani 576.

Kwanza kila namba husawazishwa. Wekundu wa 232 hugawanywa kwa 255 na kuwa 0.91. Kisha hutolewa 0.4815, ambayo ni wastani wa wekundu katika picha za mafunzo, na kinachobaki hugawanywa kwa 0.2686, ambayo ni kiasi wekundu ulivyotawanyika katika picha hizo. Jawabu ni kama 1.59. Ukijani na ubuluu nao wana namba zao. Makusudio ni kwamba namba zote zizunguke sifuri, maana modeli hujifunza vibaya namba zikiwa zote upande mmoja.

Kisha kipande hunyooshwa kuwa mstari mmoja. Pikseli 14 mara 14 mara rangi 3 ni namba 588. Mstari huo huzidishwa kwa jedwali kubwa la namba zilizopatikana wakati wa mafunzo, na hutoka mstari mwingine wa namba 1,024. Mstari huo ndio huitwa vekta ya kipande. Kuanzia hapo pikseli zenyewe hazitazamwi tena. Kama jambo halikuingia katika vekta, kwa modeli jambo hilo halipo.

6. Vipande vikishatenganishwa, modeli inajuaje kipi kilikaa wapi?

Kwa asili haijui. Ukiupa mtambo huu vipande 576 bila alama, ni sawa kwake kama umevichanganya au umevipanga. Kwa hiyo kila nafasi ina vekta yake ya kujifunza, na vekta hiyo hujumlishwa na ya kipande kilichokaa hapo. Kipande cha safu ya tatu, mstari wa tano, hubeba rangi zake pamoja na mahali pake.

Katika daftari letu jambo hili ni zito, kwa sababu pishi 13 hazina maana mpaka zijulikane ziko mbele ya jina la nani. Modeli ikisoma majina yote sawasawa na namba zote sawasawa, lakini ikazihamisha namba kwa mstari mmoja, tatizo limetoka huku.

7. Vipande hukutana wapi?

Ndani ya kisimbaji picha, yaani sehemu ya modeli inayoshughulikia vipande vya picha, ambacho katika LLaVA-1.5 kina matabaka 24. Katika kila tabaka, kila kipande huangalia vyengine vyote na kuchukua kinachomhusu. Kipande chenye tumbo la juu la 8 hupata habari ya tumbo la chini, na kipande cheupe cha pembeni hujua kuwa kiko kwenye karatasi, si kwenye ukuta. Mwishoni bado tuna vekta 576, lakini kila moja sasa inazungumzia kipande chake pamoja na jirani zake.

## Kuingia kwenye lugha

8. Namba za picha zinakaaje pamoja na maneno?

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na nadhani ni sehemu inayostahili kuelezwa polepole.

Modeli ya lugha nayo haioni maneno. Sentensi hukatwa vipande viitwavyo tokeni, na kila tokeni hubadilishwa kuwa vekta. Katika modeli ya lugha iliyotumika kwenye toleo dogo la LLaVA-1.5, vekta ya tokeni ina namba 4,096. Ya kipande cha picha ina 1,024. Haziwezi kukaa safu moja. Kwa hiyo katikati huwekwa kiunganishi, modeli ndogo ya matabaka mawili inayopokea namba 1,024 na kutoa 4,096. Baada ya hapo vekta 576 za picha hupangwa mstari mmoja pamoja na vekta za swali lako, na modeli ya lugha huzipitia zote kana kwamba ni sentensi ndefu.

Swali la haki ni hili: kwa nini kiunganishi kidogo hivyo kinatosha? Kwa sababu kisimbaji picha hakikuanza bila kitu. Kinatokana na kazi ya kampuni ya OpenAI ya mwaka 2021, iitwayo CLIP, iliyofunzwa kwa jozi milioni 400 za picha na maelezo yake kutoka mtandaoni. Zoezi lilikuwa kuoanisha, picha hii inakwenda na maelezo yepi kati ya haya mengi. Kwa hiyo vekta zake zilikwisha kuelekea maana zinazosemeka kwa maneno, na kiunganishi kinamalizia njia tu.

Asili hiyo ina upande wa pili. Ili kuoanisha picha na maelezo kama "mwanamke aliyevaa kanga", huhitaji kusoma jina la kanga lililoandikwa chini. Kisimbaji kilichofunzwa hivyo hutambua kanga vizuri, na maandishi madogo hukihangaisha.

9. Kwa hiyo picha hugeuzwa maneno kwanza, halafu modeli inasoma maneno hayo?

Hapana. Tokeni ya maandishi huchaguliwa kutoka orodha yenye mwisho, 32,000 katika modeli tuliyoitaja. Vekta ya kipande cha picha haina orodha inayotoka, ni mkusanyiko wa namba tu, na hailingani na neno lolote moja. Zipo programu zinazopitisha picha kwenye kisoma maandishi cha kawaida kwanza na kuyapeleka maandishi hayo pamoja na picha, lakini hicho ni kifaa cha ziada kilichowekwa mbele ya modeli.

Zipo pia modeli zinazofuata njia nyengine, tazama swali la 16.

## Daftari la wachumaji

10. Mbona inasoma kichwa cha ukurasa bila kosa, halafu inakosea pishi?

Tufanye hesabu, kwa sababu jawabu limo humo lote.

Picha ya simu ina pikseli 4,000 kwa urefu wa karatasi wa milimita 297, kama pikseli 13.5 kwa kila milimita. Tarakimu ya milimita 3 ina kimo cha pikseli 40. Ukiikuza kwenye simu unaisoma vizuri sana, na ndiyo maana watu hudhani modeli nayo inaiona hivyo.

Lakini modeli inataka 336 kwa 336. Urefu wa 4,000 unashuka hadi 336, upana wa 3,000 unashuka hadi 252, na pengo la pembeni hujazwa rangi moja ili mraba utimie. Sasa kila milimita imebaki na pikseli 1.13. Herufi za kichwa, milimita 15, zina kimo cha pikseli 17, na zinasomeka. Tarakimu ya pishi ina pikseli 3.4. Katika kimo hicho 13 na 18 ni doa lile lile, kwa sababu tofauti ya 3 na 8 ni mistari miwili mifupi ya upande wa kushoto, na hiyo imeshachanganywa na weupe wa karatasi.

Tena ona kipande kinabeba nini. Upana wake wa pikseli 14 ni milimita 12.4 za karatasi. Mistari ya daftari ikiwa imeachana milimita 8, kipande kimoja kinachukua mstari mmoja na nusu. Pishi za watu wawili zinaweza kuingia vekta moja. Na katika vipande 576, ni 432 tu vilivyo juu ya karatasi. 144 ni vya lile pengo lililojazwa rangi.

Kisimbaji hakikufanya kosa hapa, wala modeli ya lugha. Tarakimu ilikufa kabla ya kukatwa kipande cha kwanza.

11. Nitajuaje kama picha yangu imefikwa na hayo?

Ipunguze mwenyewe, uitazame kama modeli inavyoipata. Kama una Python na maktaba ya Pillow:

```python
from PIL import Image, ImageOps
p = Image.open("daftari.jpg")
p = ImageOps.exif_transpose(p).convert("RGB")
p.thumbnail((336, 336))
p.save("ndogo.png")
print(p.size)
```

Fungua `ndogo.png` na uikuze. Kama wewe unayemjua kila mchumaji kwa jina huwezi kusoma pishi zake hapo, usitarajie modeli iliyopokea picha ya ukubwa huo izisome. Badilisha 336 uweke kikomo cha modeli unayotumia.

Asiye na kompyuta apime kwa kukisia: tarakimu inataka kimo cha pikseli kumi hivi baada ya kupunguzwa. Chini ya hapo, jawabu lichukuliwe kuwa ni la kubahatisha.

12. Basi nifanye nini ili isome sawa?

Kata picha kabla hujaituma. Ukichukua eneo la sentimita 10 kwa 10 tu, picha ile ile ya simu inakupa pikseli 1,350 kwa upande. Zikishushwa hadi 336, kila milimita ina pikseli 3.4, na tarakimu ya pishi ina kimo cha pikseli 10. Kipande kimoja sasa ni milimita 4 za karatasi, karibu na tarakimu moja. Hukuhitaji simu bora wala modeli kubwa. Acha mistari miwili ijirudie kati ya picha iliyokatwa na inayofuata ili asipotee mtu mpakani, na kila picha iliyokatwa iwe na majina pamoja na pishi zake, maana safu ya namba peke yake haina wa kumuambatisha naye.

Modeli nyingi za sasa hukukatia zenyewe. Ukurasa wetu ukigawanywa miraba 3 kwa 4, kila mmoja pikseli 336, na ukaongezwa mraba mmoja wa picha nzima iliyopunguzwa ili mpangilio usipotee, ni miraba 13 na vekta 7,488. Tarakimu inapata kama pikseli 14. Modeli kama Qwen2-VL, ya mwaka 2024, hazilazimishi mraba: hupokea picha kwa umbo lake, hukata vipande vya 14 kwa 14, kisha huunganisha vinne vinne kuwa tokeni moja. Ukurasa wa pikseli 1,008 kwa 1,344 unakuwa tokeni 1,728. Ndiyo maana huduma nyingi hutoza picha kubwa zaidi kuliko ndogo, na ndiyo maana baadhi yao huipunguza picha yako kimyakimya ikipita kikomo chao. Kukata mwenyewe bado ni salama zaidi.

13. Kwa nini haisemi tu kwamba haioni?

Kwa sababu imefunzwa kuendeleza maandishi kwa tokeni inayoelekea zaidi. Ikishaandika jina la mchumaji, baada yake inatarajiwa namba. Vekta za picha zikitoa ishara hafifu, mazoea ya lugha hushika usukani, na hutoka namba inayofanana na zilizotangulia. Ndiyo maana makosa yake ni mabaya kuliko ya mtu mwenye macho mabovu: mtu huacha pengo au huweka alama ya kuuliza, na hii huandika 18 kwa mwandiko safi.

Dalili ni mbili zinazofaa kuaminiwa. Ya kwanza, uliza mstari ule ule kwa picha iliyokatwa kwa namna tofauti kidogo. Jawabu likibadilika, halikuwa limesomwa. Ya pili, jumlisha pishi zote mwenyewe na ulinganishe na jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa. Usiiombe modeli ijumlishe, kwa sababu inaweza kuichukua ile jumla iliyoandikwa na kukurudishia. Mchumaji analipwa kwa pishi, na pishi tano zilizopotea ni haki ya mtu.

## Hali zisizo za kawaida

14. Picha imekaa wima kwenye simu yangu, lakini modeli inaiona imelala. Vipi?

Simu mara nyingi huhifadhi pikseli zikiwa zimelala, kisha huandika pembeni ya faili alama inayosema "geuza unapoonyesha". Programu isiyosoma alama hiyo hukata vipande vya herufi zilizolala ubavu, ambazo kisimbaji kiliziona kwa nadra katika mafunzo. Mstari wa `exif_transpose` katika swali la 11 unaondoa tatizo hili. Njia ya mkono ni kuihariri picha kidogo kwenye simu na kuihifadhi upya.

Kuna tatizo la karibu na hilo. Visimbaji vingine haviongezi pengo pembeni, hukata mraba wa katikati. Picha ya 3,000 kwa 4,000 hupoteza pikseli 500 juu na 500 chini, yaani robo ya ukurasa. Modeli ikiwaruka wachumaji wa mwanzo na wa mwisho na kuwapata wote wa katikati, tafuta huku kwanza.

15. Na barua za zamani za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu?

Mkato haujali upande wa kuandika. Vipande huhesabiwa kutoka kushoto hata kama hati inasomwa kutoka kulia, na vekta za nafasi zinatosha kuifundisha modeli njia sahihi. Linalosumbua zaidi ni nukta. Ba, ta na tha zina umbo moja, na hutofautishwa na nukta yenye upana wa nusu milimita au chini yake. Kwa hesabu ya swali la 10, nukta hiyo ina nusu ya pikseli, na hata ukikata sentimita 10 kwa 10 haifiki pikseli mbili, kwa hiyo haitoshi. Kata mstari mmoja mmoja, na mrefu uugawe mara mbili au tatu.

Hata hapo, kuona nukta ni nusu ya kazi. Modeli iliyosoma Kiarabu kingi na Kiswahili kidogo katika herufi hizo huvuta neno la Kiswahili lielekee neno la Kiarabu inalolijua, kwa sababu ile ile ya swali la 13. Jawabu lake lipitiwe na mtu anayesoma hati hizo.

16. Ni kweli kuna modeli zinazogeuza picha kuwa tokeni kamili, kama za maneno?

Zipo. Chameleon, iliyotolewa na kampuni ya Meta mwaka 2024, huipokea picha ya pikseli 512 kwa 512 na kuitoa tokeni 1,024, kila moja ikichaguliwa kutoka orodha ya 8,192. Faida yake ni kwamba modeli ile ile inaweza kutoa tokeni za picha kama inavyotoa maneno, na picha ikachorwa. Hasara ni kwamba kila kipande lazima kifanane na mojawapo ya 8,192, na herufi ndogo ndizo zinazoumia katika kulazimishwa huko. Kwa daftari la wachumaji, njia ya vekta huru inafaa zaidi.

17. Kwa nini inashindwa kuhesabu ngalawa katika picha ya pwani?

Kwa ngalawa mbili tatu haishindwi. Zikiwa nyingi na mbali, ngalawa kadhaa huingia kipande kimoja, na vekta yake husema "hapa pana ngalawa" bila kuweka idadi. Picha nzima ikiwa na vipande ishirini vinavyosema hivyo, modeli hutoa namba ya makadirio, mara nyingi namba inayoishia kwa sifuri. Kukata picha kwa maeneo kama katika swali la 12 husaidia hapa pia, ila sasa usiache eneo lolote lijirudie, maana ngalawa ya mpakani itahesabiwa mara mbili.